Mjadala: Laiki, kusambaza na kuhifadhi, kipi kipewe uzito katika posho ya waandishi?

Katibu wa chama, Njoro

Chama chetu cha vijana wakulima kina ukurasa wa Instagram wenye waandishi wanne. Mweka hazina anataka posho ya mwezi igawanywe kwa idadi ya laiki, nami nasema kwamba anayesambaza au kuhifadhi chapisho ameonyesha haja kubwa kuliko anayebonyeza moyo. Nani kati yetu yuko sahihi, na kila kitendo kipewe uzito gani?

Mwalimu wa hesabu, Kakamega

Ndugu Katibu, nakubaliana nawe, ila ni vizuri tutazame kwa nini, kwa sababu hapo ndipo utakapoona pia mahali ambapo hoja yako inakoma. Laiki huonekana na watu. Jirani akiweka picha ya ng'ombe wake aliyezaa, unabonyeza moyo kama vile unavyomwamkia njiani, na huenda hata hukusoma maneno yaliyoandikwa chini ya picha. Kuhifadhi hakuonekani na marafiki wala hakumpi mtu sifa yoyote, kwa hiyo anayehifadhi kwa kawaida anatarajia kurudi. Kusambaza nako kuna dhamana yake, maana ukimtumia shemeji yako chapisho la kusifu mbegu fulani, na mbegu hiyo isiote, atakuuliza wewe wala hatamuuliza mwandishi.

Kuhusu uzito, siwezi kukutajia namba kabla ya kuona hesabu za ukurasa wenyewe. Tuwekee jumla za machapisho ya miezi michache, pamoja na machapisho mawili ambayo mnabishania.

Katibu wa chama, Njoro

Ahsante, Mwalimu. Machapisho 40 ya mwisho yalifikia watu 80,000 kwa jumla, yakapata laiki 3,200, yakasambazwa mara 400 na kuhifadhiwa mara 320. Mabishano yalianzia kwenye machapisho mawili. La kwanza ni picha ya ng'ombe wa maziwa wa mwanachama mmoja: lilifikia watu 4,000, likapata laiki 320, likasambazwa mara 6 na kuhifadhiwa mara 2. La pili ni mchoro wa nafasi za kupanda mahindi, sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashimo, punje moja kila shimo. Hilo lilifikia watu 1,500, likapata laiki 30, likasambazwa mara 24 na kuhifadhiwa mara 33.

Kijana wa Kondele, Kisumu

Mimi naona hamna haja ya kujisumbua, kwa sababu kampuni kubwa zimeshafanya kazi hiyo. Facebook ilipobadilisha mpangilio wake mwaka 2018 iliipa laiki alama 1 na kusambaza alama 5. Chukueni hizo hizo, mpe kuhifadhi 5 pia, kisha mlipane.

Mwalimu wa hesabu, Kakamega

Kijana, alama hizo unazikumbuka vizuri, lakini ziliwekwa kwa lengo la Facebook, na lengo hilo silo la chama cha Njoro. Ukitaka kuona jinsi namba hizi zinavyotofautiana, tazama Twitter, ambayo Machi 2023 ilichapisha hadharani msimbo wa mfumo wake wa kupanga machapisho. Huko laiki ilikuwa na uzito wa 0.5, kusambaza 1 tu, jibu 13.5, na jibu ambalo mwandishi mwenyewe alilishughulikia 75. Kumbuka pia kwamba uzito huo ulizidishwa kwa uwezekano uliokadiriwa wa msomaji kutenda hivyo. Haukuzidishwa kwa idadi ya vitendo vilivyokwisha kutokea. Walieleza kwamba mwanzoni waliuchagua ili kila kitendo, kwa wastani, kichangie karibu sawa katika jumla, kisha wakawa wanaurekebisha mara kwa mara kulingana na malengo yao. Hatua hiyo ya mwanzo ndiyo tunayoweza kuiazima, kwa kutumia hesabu zetu wenyewe.

Ndugu Katibu, kwenye ukurasa wenu kila watu 1,000 waliofikiwa hutoa laiki 40, husambaza mara 5 na kuhifadhi mara 4. Ili vitendo vitatu visimame sawa, laiki ichukue 1, kusambaza 8 na kuhifadhi 10, kwa kuwa 40 mara 1, 5 mara 8 na 4 mara 10 zote ni 40. Chapisho la kawaida kwenu basi lina alama 120 kwa kila watu 1,000. Ng'ombe alipata laiki 80 kwa kila watu 1,000, alisambazwa mara 1.5 na kuhifadhiwa mara 0.5, na jumla yake ni 97, chini ya wastani. Mchoro ulipata laiki 20, ukasambazwa mara 16 na kuhifadhiwa mara 22, yaani alama 368. Kwa laiki peke yake ng'ombe angeushinda mchoro mara nne.

Naomba usiishie hapo, kwa sababu uchache wa kitendo si thamani yake. Mfano wa wazi ni kuripoti chapisho kuwa baya, jambo ambalo ni nadra kuliko yote, na Twitter iliweka uzito wake kuwa hasi 369. Hesabu hii inasawazisha mizani tu.

Mweka hazina wa chama hicho

Kwa kuwa natajwa, naomba nami nisikilizwe. Wazazi wetu wengi wanatumia simu za watoto wao na bando dogo. Wanatazama, wanabonyeza moyo, basi, na hawajui kitufe cha kuhifadhi kiko wapi. Mkulima wa aina hiyo akikipenda kitu, sauti yake pekee ni laiki, na ninyi mnataka kuifanya iwe sehemu ya kumi ya sauti ya kijana aliyesoma. Zaidi ya hayo, wengi hupiga picha ya skrini ya mchoro na kuipeleka kwenye kundi la WhatsApp, na takwimu zetu hazihesabu kitendo hicho popote. Isitoshe, laiki ni nyingi na hazibadiliki ovyo, ilhali mara mbili au tatu za kuhifadhi zinaweza kumpandisha mtu juu mwezi huu na kumshusha mwezi ujao.

Mwalimu wa hesabu, Kakamega

Hoja yako ya mwisho ni ya kweli kabisa, Mweka hazina, na inatibika. Tuseme chapisho limefikia watu 60 tu na wawili wamelihifadhi. Ukigawanya moja kwa moja, unapata 33 kwa kila 1,000, kana kwamba limeushinda hata mchoro. Kabla ya kugawanya, liongezee kila chapisho watu 1,000 wa kudhaniwa wenye tabia ya wastani, yaani kuhifadhi mara 4. Hilo dogo linakuwa 6 juu ya 1,060, karibu 5.7 kwa kila 1,000, na mchoro unakuwa 37 juu ya 2,500, yaani 14.8. Dogo linabaki karibu na wastani hadi litakapofikia watu wa kutosha. Fanyeni vivyo hivyo kwa laiki na kwa kusambaza.

Kuhusu picha za skrini sina dawa. Ni kasoro ya kipimo, nayo huenda inauonea mchoro zaidi ya inavyomwonea ng'ombe.

Mama wa samaki, Dunga

Mimi huweka bei ya sangara na ngege kila asubuhi. Hakuna anayehifadhi bei, kwa sababu kufikia jioni imeshabadilika, na wateja wangu huipeleka kwa wenye hoteli mara moja. Kwa hesabu ya Mwalimu ningeonekana sina faida kwa mtu, lakini samaki wangu huisha kabla ya saa sita mchana. Naomba kujua pia nifanye nini ili laiki ziongezeke, kwa kuwa zimepungua tangu Desemba.

Mwalimu wa hesabu, Kakamega

Mama, swali la kuongeza laiki tuliache kwa leo, ila kisa chako kinanirekebisha. Kuhifadhi kunapima kama habari itatumika baadaye, na bei ya samaki haina baadaye. Katibu asilinganishe tangazo la mkutano wa kesho na mchoro wa upandaji katika kapu moja. Kila aina ya chapisho ipimwe kwa wastani wa aina yake, na kwa habari za siku moja kuhifadhi kuondolewe kabisa.

Muuza mbegu, Kitale

Nimesimamia ukurasa wa duka la pembejeo kwa misimu mitatu, na namba za Mwalimu zinakosa kitu kimoja. Chapisho letu lililosambazwa kuliko yote lilikuwa tetesi kwamba mbolea ya ruzuku imefika kwenye ghala fulani. Ilikuwa uongo. Watu walisafiri kwa matatu wakarudi mikono mitupu, na wengi walioisambaza baadaye walikuwa wakitulaumu. Takwimu zilihesabu lawama hizo kama mapenzi.

Tangu hapo kila chapisho naliwekea neno lake la siri, na mteja akilitaja dukani au kwa simu ndani ya siku saba, naandika daftarini. Baada ya msimu mmoja nililinganisha. Machapisho yaliyohifadhiwa sana yalileta wateja, na yale yaliyotumwa faragha kwa mtu mmoja mmoja vilevile, lakini yaliyosambazwa hadharani yalikuwa na matokeo mchanganyiko. Kwa hiyo nilipunguza uzito wa kusambaza hadi nusu ya ule wa kuhifadhi. Sisemi ninyi mfanye hivyo, ninasema daftari ndilo liwaambie.

Kijana wa Kondele, Kisumu

Dada wa Kitale amenifanya nikumbuke kwamba Facebook nayo ilikuwa na jambo la namna hiyo. Alama ya hasira ilianza kwa uzito wa laiki tano, ikashushwa kidogo kidogo, na mwaka 2020 ikafika sifuri. Nakubali kwamba kunakili namba zao kungetuingiza katika makosa ambayo wao wenyewe walikuja kuyaacha. Hata hivyo, Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alisema Januari 2025 kwamba kwa wanaokufuata tayari laiki zina uzito kidogo zaidi, na kwamba kutumiana kuna uzito zaidi katika kuwafikia wageni. Je, hilo halimsaidii Mweka hazina?

Mwalimu wa hesabu, Kakamega

Linamsaidia kwa kiasi, nalo linafichua mtego. Chapisho likisambazwa sana hufika kwa wageni, na wageni hawabonyezi chochote, kwa hiyo idadi ya waliofikiwa inakua na viwango vyote vinashuka. Chapisho linaadhibiwa kwa kufanikiwa. Ndugu Katibu, takwimu zenu hutenganisha wafuasi na wasio wafuasi. Andikeni hesabu zote saa 48 baada ya kuchapisha, kabla ya wageni kuwa wengi, na idadi ya wageni iwekeeni safu yake.

Mweka hazina wa chama hicho

Nakubali mizani mpya kwa mwezi mmoja, si kwa posho. Siku tutakapotangaza kwamba kuhifadhi kuna alama 10, kila mwandishi atawaomba binamu zake kumi wahifadhi, na takwimu hazituonyeshi majina ya waliohifadhi.

Katibu wa chama, Njoro

Hapo sina jibu, Mweka hazina. Mwezi huu posho itagawanywa sawa kwa wote wanne, uzito hautatangazwa, na nitaanzisha daftari la maneno ya siri kama la dada wa Kitale kuanzia chapisho la Jumatatu kuhusu gugu la kayongo. Kama kuna mtu aliyelipa waandishi kwa kuhifadhi na akawazuia binamu, naomba aeleze alivyofanya.