Mume kafariki kaacha madeni matatu: niuze pikipiki, nitoe hela kwenye kadi yake au nisubiri mirathi?

Mama Vitumbua (Tanga)
Assalam aleykum ndugu zangu. Nimemaliza eda wiki iliyopita na sasa ndo naanza kushika mambo ya nyumba, miaka 14 ya ndoa sijawahi kulipa hata bili ya umeme, yote alikuwa anafanya marehemu, mi nilikuwa na vitumbua vyangu tu asubuhi. Sasa nimekaa na simu yake na daftari lake naona hivi: kuna mkopo wa benki wa mshahara alichukua milioni 8, umebaki kama milioni 5 na laki 3, rejesho 231,000 kwa mwezi. Kuna saccos ya kazini kwao anadaiwa 2,400,000 na wadhamini ni wenzake wawili, mmoja ameshanipigia analalamika ataanza kukatwa yeye. Halafu kuna mzee wa mbao anasema anamdai 1,800,000, hana karatasi.

Kinachoingia ni vyumba viwili vya wapangaji elfu 60 kila kimoja, na pikipiki iliyo kwa kijana analeta elfu 8 kwa siku, siku 6. Nyumba ni yetu. Watoto wawili, na mama mkwe yupo hai naishi naye.

Njia ninazoziona ni tatu. Ya kwanza niuze pikipiki, kuna mtu kanipa bei ya 2,200,000, saccos iishe. Ya pili, kwenye akaunti yake kuna 1,150,000 na namba ya siri naijua, nitoe nipunguze la benki maana meseji za kudaiwa zinaingia kila siku hadi naogopa simu ikilia. Ya tatu nisubiri mirathi, ila shemeji anasema mirathi inaweza kuchukua mwaka. Ipi nafuu?

Kijana wa Ngamiani
Pole sana dada. Mi ningekushauri toa hiyo hela leo leo, benki wakijua kafa wanafunga akaunti hapo utazungushwa hadi uchoke. Hiyo ni hela ya mumeo na wewe ndo mkewe.

Bi Mwanaidi
Mi nilifanya hivyo 2019, nilitoa yote kwa kadi nikasomeshea mtoto, hakuna aliyeniuliza mpaka leo. Ila mi tulikuwa peke yetu na mwanangu, hakuna mkwe wala mtoto wa nje.

Afisa Mikopo Mstaafu
Mama pole kwa msiba. Nimekaa kitengo cha mikopo miaka 22, naomba usiuze kitu na usitoe kitu kwanza, tuliangalie deni moja moja maana hayafanani.

La benki ndo kubwa na ndo linakutisha, lakini huenda ndilo jepesi kuliko yote. Mikopo ya mshahara kwa kawaida inakuwa na bima ya mkopo, mkopaji akifariki bima inalipa kilichobaki. Ili ujue kama ipo, tafuta barua ya mkopo uone kama kuna neno bima, au tafuta kwenye simu meseji ya siku hela ilipoingia. Kama aliomba milioni 8 ikaingia pungufu, ule upungufu ni ada na mara nyingi na bima imo humo.

Hizo meseji za kudaiwa zinakuja kwa sababu mwajiri kasimamisha mshahara na benki hawajui kuwa mtu kafariki, mashine yao inaona mteja hajalipa basi. Kila mwezi unaokaa kimya riba na faini zinapanda, na bima nazo zina muda wake wa kupokea taarifa. Sasa wewe ukitoa laki 11 na nusu ukalipa deni ambalo bima ilikuwa ilipe, kuipata tena ni kazi. Nenda na cheti cha kifo, kitambulisho chako na barua ya mwajiri wake, waambie mambo mawili tu: nataka taarifa ya mkopo mpaka tarehe aliyofariki, na nataka fomu ya madai ya bima. Wakikupokelea nakala, chukua muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Nisikudanganye, bima inaweza kukataa. Inakataa pale ambapo malimbikizo yalianza kabla ya kifo, au ugonjwa ulifichwa wakati wa kujaza fomu. Wakikataa waandike barua yenye sababu, usikubali jibu la mdomo dirishani.

Mama Vitumbua (Tanga)
Shikamoo mzee. Nimerudi kwenye simu yake nimetafuta neno mkopo, meseji ipo, iliingia 7,810,000. Nimekaa chini nikalia, sijui kwa nini, ni meseji tu. Barua ya mkopo nimeikuta ndani ya mfuko wa vyeti vya watoto na neno bima lipo ukurasa wa pili. Alifariki ghafla na mshahara wa mwisho ulikatwa kama kawaida.

Kijana wa Ngamiani
Kwani deni la marehemu si linakufa naye? Mi najua mke hawezi kudaiwa deni la mume.

Afisa Mikopo Mstaafu
Marahaba mama. Hapo kwa mshahara wa mwisho kukatwa, una hoja nzuri.

Kijana umepata nusu. Mke hadaiwi kutoka mfukoni mwake kama hakuweka sahihi ya mkopaji wala ya mdhamini. Ila deni halifi, linabaki kwenye mali aliyoacha, na linalipwa kabla warithi hawajagawana. Ndo maana namwambia mama asitie sahihi karatasi yoyote yenye maneno "mimi nitalipa", awe ni mzee wa mbao au saccos. Akishaandika hivyo ameligeuza deni la marehemu kuwa lake, hata vitumbua vyake vitalilipa.

Tuje saccos. Uliza akiba na hisa zake ni kiasi gani kabla hujaongelea deni.

Mama Vitumbua (Tanga)
Nimempigia katibu wao, akiba 1,500,000 na hisa 200,000. Bima hawana.

Afisa Mikopo Mstaafu
Basi ndo hapo. Omba kwa maandishi akiba na hisa zikatwe kwenye deni. 2,400,000 toa 1,700,000 inabaki laki 7. Kwa hiyo ulikuwa unataka kuuza pikipiki ya 2,200,000 kwa ajili ya deni la laki 7, na pikipiki hiyo inaleta elfu 48 kwa wiki, karibu laki 2 kwa mwezi. Omba laki 7 igawanywe kwa miezi 7 au 8, wadhamini wakiona kuna mpango watatulia, wao wanachoogopa ni kukatwa mshahara.

Na hata ungetaka kuuza, kadi ya pikipiki ina jina la nani? Kama ni la marehemu huwezi kumhamishia mnunuzi mpaka awepo msimamizi wa mirathi. Anayekubali kununua bila hiyo anajua atakushusha bei.

Wanjiru wa Thika
Pole sana mama. Huku Kenya unaanza kwa chifu akupee barua inayoonyesha familia ya marehemu, halafu unaenda kortini, wanatangaza kwa gazeti la serikali siku 30 watu wapinge kama wako. Na mimi ningeuza hiyo pikipiki, boda husumbua, yangu iliibiwa na kijana akapotea nayo.

Mwalimu Rajabu
Kwetu Bara ni tofauti dada Wanjiru. Mama V, kwa kuwa ni Waislamu unaanza Mahakama ya Mwanzo ya pale alipokuwa akiishi. Mnakaa kikao cha familia, mnaandika muhtasari wa nani anapendekezwa kuwa msimamizi, unaenda nao pamoja na cheti cha kifo, unajaza fomu namba 1. Mahakama inabandika tangazo, asipotokea wa kupinga unapewa fomu namba 4, hiyo ndo benki na NSSF wanaitaka. Kuanzia hapo una miezi 4 ya kupeleka orodha ya mali na madeni kwenye fomu namba 5, na mwisho hesabu ya ulivyogawa kwenye fomu namba 6.

Kuhusu hela ya kwenye kadi, fikiria hiyo fomu namba 5. Taarifa ya benki itaonyesha akaunti ilikuwa na 1,150,000 siku ya kifo, na kwamba ilitolewa na mtu baada ya hapo. Kwenye mirathi yetu wewe una thumuni kwa kuwa kuna watoto, mama mkwe ana sudusi, sehemu kubwa ya zinazobaki ni ya watoto. Bi Mwanaidi alisalimika kwa kuwa hakukuwa na wa kuuliza, wewe una mkwe na shemeji.

Bi Mwanaidi
Ni kweli, mwalimu. Ila mjue mjane analala na njaa huku fomu zinazunguka. Watoto wanakula nini?

Mwalimu Rajabu
Wanakula kodi za wapangaji na hesabu ya pikipiki, hakuna atakayemlaumu, ila aandike. Mama nunua madaftari mawili ya kaunta. Moja la vitumbua vyako, hiyo ni mali yako haiingii mirathi. La pili ni la mali ya marehemu: leo 8,000 imeingia, leo 5,500 umeme na unga, umeweka tarehe. Shemeji akiuliza unafungua ukurasa.

Salim Muscat
Simu ya marehemu usiizime na laini usiiache ife, weka vocha mara moja moja. Mimi laini ya baba ilifungwa tukapoteza meseji za watu aliowakopesha. Ila kutuma hela kwa laini hiyo usitume, soma tu. Na NSSF jamani, hakuna aliyeongelea vizuri? Kama alikuwa anakatwa, kuna mafao ya warithi na msaada wa mazishi, aulize pia kama mwajiri alikuwa anapeleka michango kweli, mwajiri wa kaka yangu aliruka miezi.

Mama Vitumbua (Tanga)
NSSF nitaenda wiki ijayo. Sasa mzee wa mbao? Mume wangu alikuwa mtu wa dini, sitaki alale na deni.

Bi Mwanaidi
Lipa shoga, roho ya maiti inaning'inia kwa deni. Mpe japo kidogo kidogo.

Afisa Mikopo Mstaafu
Deni la kweli lilipwe, hata sheria ndo inavyosema. Lakini mtu hana karatasi, mwambie aje na shahidi au alete madai yake mahakamani wakati wa mirathi.

Mama Vitumbua (Tanga)
Narudi kuwapa habari. Benki wamepokea fomu ya bima, nimegongewa muhuri, dada wa dirishani alisema kama ningekuja mwezi wa kwanza baada ya msiba ingekuwa vizuri zaidi ila wamepokea. Saccos wamekubali kukata akiba, laki 7 nitapeleka laki moja moja kutoka kwenye pikipiki. Hela ya kwenye kadi sijaigusa.

Ya mbao, nimepitia daftari lake lote usiku, kuna mahali kaandika kwa mkono wake "mbao 900, nimempa 300". Nimemwonyesha yule mzee, kanyamaza, kasema labda ni mzigo mwingine. Mwalimu anasema nikubali laki 6, mama mkwe anataka tulipe yote 1,800,000 kumaliza maneno, shemeji anataka yeye ndo awe msimamizi badala yangu. Kikao ni Jumapili, daftari nitakwenda nalo.