Muuzaji wa ploti kanigeuka: nidai fidia, ploti yenyewe, au zuio?

Mnunuzi_Jinja: Habari zenu ndugu. Tuliandikiana mkataba wa ploti yenye hati hapa Jinja, Uganda, kwa milioni 18. Nimelipa 12, sita nimalizie mwisho wa mwezi huu. Sasa kapata mtu wa milioni 25, ananiambia nikachukue pesa zangu. Mkataba unasema atakayeuvunja atalipa mara mbili. Nishike lipi?

Baba_Lori: Dai milioni 24 zako uende. Si mliandika wenyewe?

Wakili_Mstaafu: Baba Lori, kuandika hakutoshi. Chini ya Sheria ya Mikataba ya 2010 kiasi mlichotaja ni dari tu, jaji anakupa fidia ya kadiri. Hesabu hapa ni 12 alizolipa zirudi, na kama bei ya soko kweli ni 25, basi 7 alizokosa. Jumla 19, tena alete mthamini, maana maneno ya muuzaji si ushahidi wa bei.

Mimi ningedai ploti yenyewe. Mahakama huiona ardhi kuwa kitu cha pekee, ndiyo maana huweza kumwamuru muuzaji atimize mkataba. Ila hizo sita ziwepo benki, na umwandikie barua kabla ya mwisho wa mwezi kwamba uko tayari kulipa. Ukinyamaza, atasema wewe ndiye uliyevunja.

Mama_Mahindi: Mbona mimi niliponyimwa magunia 40 ya mahindi niliambiwa siwezi kumlazimisha mtu? Nililipia nusu!

Wakili_Mstaafu: Pole mama. Mahindi unayapata kwa mwingine, ukilipa zaidi unadai hiyo tofauti. Ulitunza risiti?

Mama_Mahindi: Sikutunza.

Kijana_wa_Boda: Awahi zuio la mahakama, ploti inakuwa yake.

Wakili_Mstaafu: Kuwahi ni sawa, kuwa yake hapana. Zuio linamshika muuzaji mkono asiuze kesi ikiendelea, na halitolewi bila kesi kufunguliwa. Tangu kesi ya Kiyimba Kaggwa ya 1985, mwombaji huulizwa kama kesi yake ina uzito, na kama atapata hasara ambayo pesa haiwezi kuifidia. Kwa hiyo Mnunuzi, usiape kwenye kiapo chako kwamba fidia itakutosha, utakuwa umejifungia mlango. Na huyo wa 25 akinunua kwa nia njema akasajiliwa, ploti imekwenda, utabaki na fidia. Kesho asubuhi weka kaveati ofisi ya ardhi, yaani pingamizi la kuzuia ploti isisajiliwe kwa mtu mwingine. Lakini nijibu kwanza: muuzaji ana mke, na alitia sahihi?

Mnunuzi_Jinja: Mke yupo, hakutia sahihi. Wanaishi palepale, nyuma kuna mihogo yake.

Wakili_Mstaafu: Hapo pagumu. Ardhi ambayo familia inaishi haiuzwi bila idhini ya mwenzi, na mkataba wenyewe unaweza kuanguka. Hata huyo wa 25 angekwama.

Baba_Lori: Basi akazungumze na mama mwenyewe.

Mnunuzi_Jinja: Mwenyekiti wa LC1, baraza letu la kijiji, kasema atatukutanisha Jumamosi. Barua naiandika usiku huu.