Naomba ushauri: paka kapakaa oili chafu, namwogeshaje bila kumtia hofu?

Habari zenu wapendwa. Paka wangu jike kalala chini ya gari la jirani, karudi na oili chafu ya injini kuanzia begani hadi tumboni. Kwa kawaida simwogeshi kabisa, vumbi la uani hulitoa mwenyewe kwa ulimi. Lakini hii akiilamba ataimeza, kwa hiyo lazima aoge leo. Kwa sasa nimemviringisha kwenye kanga asijilambe.

Pale manyoya yalipogandana nimepaka mafuta kidogo ya kupikia na kufuta kwa kitambaa, na oili inalainika kweli. Mafuta ya taa na dawa za kuua vijidudu sigusi, ni sumu kwa paka. Iliyobaki nataka kuitoa kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kwenye beseni lenye maji ya uvuguvugu yasiyozidi tumbo, na taulo chini ili kucha zipate pa kushika, maana akiteleza tu ndipo anapopagawa. Maji nitamwagia kwa kikombe kuanzia shingoni kurudi nyuma. Uso nitaufuta tu.

Shida yangu ni kusuuza. Sabuni ikibaki atailamba pia, na huyu akilowa sana huanza kuhema mdomo wazi, nami najua hapo ni lazima nisimame. Je, mliowahi, mnamkausha na kumalizia baadaye? Na mkimwacha apumzike, mnamzuiaje asijilambe? Msaada wa haraka tafadhali.