Tupeane uzoefu: mlimwandikia nini fundi mlipompelekea gauni la urithi?

MamaMtarajiwa: Gauni la harusi la marehemu mama, satini nyeupe, nimelikuta sandukuni. Nami nafunga ndoa Desemba. Fundi yuko Tanga, mimi Dodoma, kwa hiyo linapanda basi na barua hii:

"Fundi, shikamoo. Hili alivaa mama mwaka 1987. Kifuani lina inchi 35, nataka lifike 38. Mikono ya puto ipunguzwe. Urefu upungue inchi 2, lesi ya pindo ibaki."

Kuna nilichosahau?

BintiPwani: Viatu! Urefu upimwe ukiwa umevaa viatu vya siku hiyo.

Zubeda_K: Umenitonesha kidonda. Gauni la bibi, niliandika neno moja tu: "lipunguzwe." Nilimaanisha kiuno. Fundi kapunguza chini, kakata pindo lote na lesi yake. Nauliza vipande viko wapi, ananiambia kafutia mashine! Nililia pale pale kibarazani, wateja wananiangalia. Mama hajui mpaka leo. Andika SEHEMU, na andika kila kipande kirudishwe.

Chalii_wa_Ngarenaro: Kosa lako, si la fundi. Barua ya neno moja?

Zubeda_K: Wewe umewahi kuvaa gauni?

MzeeCherehani: Acheni hayo. Binti, fungua bitana ubavuni uone akiba ya mshono. Ubavu mbili, kila mmoja una kingo mbili, kwa hiyo kingo ni nne. Ikiwa kila ukingo una inchi moja ukabakiza nusu, unapata inchi 2 tu. Iliyobaki itoke kwenye puto: kitambaa kinachopungua mikononi kiwekwe kipande chini ya kwapa, rangi imezeeka pamoja. Na lesi ikibaki, kufupisha kufanyike kiunoni. Sketi hupanuka kadiri inavyoshuka, kwa hiyo ikipandishwa fundi aipunguze ubavuni ndipo ikae na kiuno. Yote hayo yaandike.

Da_Rehema: Mashimo ya sindano ya mshono wa zamani je? Mimi nayapiga pasi ya mvuke na siki, yanafunga.

MzeeCherehani: Kwenye sufu, labda. Satini haisahau sindano. Jaribu kwanza ndani ya pindo.

Kidosho: Na kanga za bibi zinazotoka rangi nifanyeje?

Chalii_wa_Ngarenaro: Nunua gauni jipya mwaya, yaishe.

MamaMtarajiwa: Nimefungua. Kila ukingo una robo tatu ya inchi. Na ndani ni nyeupe, nje pamegeuka rangi ya maziwa. Mstari utaonekana?

MzeeCherehani: Ukiachia, utaonekana. Na utapata inchi moja tu. Hizo mbili puto ndiyo izitoe, inchi moja kila kwapa. Lipime puto kabla gauni halijapanda basi.

Zubeda_K: Au lishonewe lesi juu ya mstari.

Da_Rehema: Au upungue wewe 😂