Sugu ya kidole na magaga ya kisigino: nikate kwa wembe au nibandike plasta ya dawa?

Mhudumu_Kisumu
Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mama wa miaka 46, ninahudumu katika hoteli moja hapa Kisumu, na kwa siku moja husimama karibu saa 11 nikiwa nimevaa viatu vyeusi vilivyochongoka mbele, maana ndivyo tunavyotakiwa kuvaa. Juu ya kidole cha mwisho cha mguu wa kulia nimeota sugu ndogo, ngumu, yenye kiini katikati, ambayo ilipoanza ilikuwa ikiniuma kama kokoto iliyoingia kiatuni. Visigino navyo vina magaga, na ufa mmoja umekuwa mkubwa hata nikilala nyuzi za shuka hunasa ndani yake. Nimekwisha kununua plasta za dawa ya kuunguza sugu, na wembe mpya ninao. Naomba mniambie nianze na kipi, kwa sababu Jumamosi nina zamu ya harusi.

Fundi_Viatu_Kondele
Dada, ukikata sugu na kurudi katika kiatu kilekile, itaota tena, kwa kuwa ngozi inajikinga na kitu kinachoisugua kila siku. Jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kusimama, kanyaga karatasi ukiwa wima, uchore mguu wako kwa kalamu, kisha uweke kiatu juu ya mchoro huo. Mchoro ukitokeza nje ya kiatu upande wa kidole cha mwisho, huhitaji kuambiwa sugu imetoka wapi. Kiatu kinachokufaa kina mbele pa mviringo, kina kamba au mkanda wa kuzuia mguu usiteleze, na kinaacha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu zaidi. Ukinunua mitumba Kibuye, ingiza mkono ndani upapase, maana soli ya ndani huwa na mashimo ya nyayo za aliyekivaa kwanza, nayo yatakusukuma mahali ambapo si pako.

Mwalimu_Mstaafu_Kakamega
Nilifundisha miaka 31 nikiwa nimesimama mbele ya ubao, na magaga yangu yalikuwa mabaya kuliko hayo. Mke wangu alikuwa akiniwekea maji ya moto yenye chumvi na ndimu, nikatumbukiza miguu saa nzima huku nikisahihisha madaftari, kisha nikasugua kwa jiwe, nikapaka mafuta ya mgando na kuvaa soksi za pamba hadi asubuhi. Baada ya wiki tatu visigino vilikuwa laini. Tatizo la siku hizi ni watu kutembea na slipa mchana kutwa na kutaka dawa ya dukani ya siku mbili.

Muuguzi_Nakuru
Mwalimu, mafuta na soksi vilikusaidia kweli, na hata hilo la slipa ni sahihi, kwa sababu kiatu kisicho na nyuma huacha kisigino kitanuke kila hatua, na ngozi kavu ikitanuliwa hupasuka. Saa nzima ya maji ya moto, hata hivyo, huikausha ngozi zaidi, na ndimu huchoma ndani ya nyufa. Kwa mtu asiye na ugonjwa mwingine, dakika 10 za maji ya uvuguvugu zinatosha. Kisha asugue taratibu kwa jiwe akielekea upande mmoja, aache kabla ngozi haijawa nyekundu, na apake krimu yenye urea au mafuta ya mgando ngozi ingali na unyevu, lakini asipake katikati ya vidole.

Mama wa Kisumu, kabla sijasema lolote kuhusu wembe, nina maswali mawili. Je, sugu hiyo na ufa huo vinakuuma leo? Na je, una ugonjwa wa sukari?

Mhudumu_Kisumu
Asante, muuguzi. Siku hizi haviniumi hata kidogo, ndiyo maana naona naweza kukata mwenyewe bila shida. Juzi niliona damu kwenye soksi nilipoivua, wala sikuwa nimehisi chochote. Wembe wenyewe ni mpya kabisa na nitauchemsha.

Msomaji_wa_Bungoma
Niwieni radhi, lakini mimi siamini habari hii. Mwanzo sugu iliuma kama kokoto, sasa haiumi. Ufa unanasa nyuzi na kutoa damu, wala mwenyewe hahisi. Mtu mwenye magaga ya kiasi hicho hutembea kwa ncha za vidole. Nadhani kuna mtu anataka kutuuzia plasta, na jina la plasta litafuata hivi karibuni.

Muuguzi_Nakuru
Ndugu wa Bungoma, jambo linalokufanya usiamini ndilo linalonifanya mimi niogope. Jeraha likiacha kuuma bila kupona, huenda mishipa ya fahamu imepoteza hisi. Mama, hujajibu swali langu la pili. Funga macho, umwombe mtu aguse kwa wepesi, kwa sekunde moja au mbili bila kubonyeza, ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho katika kila mguu, nawe useme kila unapohisi. Ukikosa viwili au zaidi kati ya hivyo sita, weka wembe mbali.

Mhudumu_Kisumu
Kijana wangu amenigusa. Nimekosa vitatu. Ni kweli, mwaka 2021 niliambiwa nina sukari, na dawa huwa ninaacha nikijisikia vizuri. Sikulitaja kwa sababu niliuliza habari za miguu, na sikuona uhusiano. Tena plasta moja nimekwisha kuibandika tangu jana. Mniwie radhi, lakini kliniki ni siku nzima ya foleni, na siku hiyo silipwi.

Muuguzi_Nakuru
Bandua hiyo plasta sasa hivi. Asidi iliyomo haitofautishi sugu na ngozi nzima, na kwa mguu usiohisi inaweza kuchimba kidonda wewe ukiendelea kupanga sahani. Osha kwa maji safi na sabuni, kausha hadi katikati ya vidole, funika kwa shashi safi, uende kesho. Usiloweke miguu. Ukiona doa jeusi au la zambarau chini ya sugu, ni damu iliyovuja, na mara nyingi kidonda kimejificha hapo. Ukiona usaha, wekundu unaopanda mguuni, au homa, usingoje kesho.

Msomaji_wa_Bungoma
Mama, naomba radhi. Baba yangu alikuwa akisema vivyo hivyo, kwamba mguu hauumi. Bado sielewi kwa nini dukani walimuuzia plasta bila kumuuliza chochote.

Mhudumu_Kisumu
Nimerudi kutoka kliniki. Sukari ilikuwa 14.2. Ngozi pembeni mwa sugu ilikuwa nyeupe na imelainika kama ya mtu aliyefua nguo kutwa, na walipoipunguza sugu kwa kisu chao, chini yake palikuwa na kidonda cha ukubwa wa punje ya choroko. Nimefungwa, nimerudishiwa dawa, na nimeambiwa nisivae vile viatu tena. Kuhusu harusi ya Jumamosi, wao wanasema nipumzike, na mimi bado sijaamua, kwa kuwa karo ya mtoto inategemea zamu hiyo.

Muuguzi_Nakuru
Kidonda hicho ukikisimamia saa 11 hakitafunga. Mwombe mwajiri kazi ya kukaa, hata ya kukunja vitambaa vya mezani.

Fundi_Viatu_Kondele
Chora miguu yote miwili leo jioni, dada, kwa sababu haifanani, na umpe kijana wako karatasi aniletee kabla ya Ijumaa. Nina jozi nyeusi yenye mbele ya mviringo, na ngozi ya hapo kwenye kidole cha mwisho nitaitanua kwa kalibu.