Kontena liko nyuma ya mengine saba, mashine haifiki, halafu naambiwa "Imeshuka Jumanne, lipa"

Mwana wa Manifesti (mwanzisha uzi)

Wakuu, damu inachemka. Nimetoka dirishani sasa hivi. Jamaa hata hakuinua macho, kageuza skrini, kaweka kidole kwenye mstari mmoja: "Imeshuka Jumanne. Lipa." Sitamtaja. Kila anayetoa mzigo kwenye ile bandari kavu anamjua, na hiyo sauti anaijua.

Treni ilishusha Jumanne saa 4 usiku. Siku za bure ni nne, na Jumanne yenyewe imehesabiwa nzima ingawa ilibaki na saa mbili tu! Forodha wakaachia Alhamisi saa 9 alasiri. Ijumaa saa 2 asubuhi lori liko ndani ya geti, pasi mkononi, dereva kashuka kufungua komeo za trela. Saa 4 treni nyingine ikaingia na mashine zote mbili zikakimbilia relini. Zimerudi saa 9 alasiri. Opereta kaangalia kontena letu liko wapi, kageuza mashine, kaenda kuhudumia wengine. Usiku wa manane siku za bure zikaisha huku lori limesimama mita thelathini kutoka kwenye kontena. Mita THELATHINI. Dereva kakaa hapo mpaka kaota mizizi.

Leo Jumamosi: storeji ya leo lazima ilipwe ndipo litoke, na pasi ya jana imekufa, kwa hiyo lori litoke nje, lipange foleni, liingie upya. Nauliza nalipia nini, najibiwa imeshuka Jumanne. Imeshuka kwa nani? Kontena lisilogusika limeshuka kwa nani?

Babu Geti

Umeanza kazi hii lini, wiki iliyopita? Hiyo "imeshuka Jumanne" tunaisikia tangu treni ya kwanza.

Dada Klia

Pole ndugu, umeibiwa. Siku za bure zinaanza forodha wakishaachia mzigo, si treni ikishusha. Yako zilianza Alhamisi. Kata rufaa, urudishiwe hela yote.

Mpanga Yadi

Dada, hapo umechanganya. Kwenye tarifa nilizowahi kufanyia kazi saa inaanza kontena likigusa ardhi, au treni nzima ikimaliza kushushwa. Kuachiwa na forodha hakuhamishi saa. Kinachoweza kusamehewa ni zile saa ambazo lori lilikuwa ndani na mwenye yadi hakupakia, nazo zinaombwa kwa maandishi.

Mleta uzi, kontena lilikuwa safu ya ngapi?

Mwana wa Manifesti

Safu ya pili, la chini kabisa. Mbele limezibwa na rundo la manne, juu yake kuna matatu. Futi 20, tani 26.

Mpanga Yadi

Basi opereta hakukudharau, alipiga hesabu. Richi staka inashika kontena kwa mkono unaonyooka mbele, na kadiri mkono unavyonyooka ndivyo nguvu inavyopungua. Mashine ya kawaida inabeba tani 45 safu ya kwanza, kama 31 ya pili, na 16 tu ya tatu. Tani 26 safu ya pili uzito si tatizo. Tatizo ni kwamba mkono haupiti juu ya rundo la manne ukashuka mpaka chini nyuma yake. Ataondoa manne ya mbele, kisha matatu ya juu, ndipo afike kwako. Ni minyanyuo minane kwa lori moja, na ukiipa kila mmoja dakika tano pamoja na kutafuta pa kuweka, ni dakika 40. Nyuma yako kuna malori thelathini yanayopigiwa kelele na wenye mzigo. Kila opereta anaruka.

Na kwa nini limezikwa? Treni ya mizigo ya Mombasa na Nairobi ina mabehewa 54, kila moja kontena mbili za futi 20, yaani 108. Kwa mashine mbili zinazonyanyua kumi na mbili kila moja kwa saa, hizo ni saa nne na nusu, na mabehewa yanasubiriwa kurudi bandarini. Kwa hiyo yanashushwa kwa mpangilio yalivyokaa kwenye behewa, na nani ataondoka kwanza hakuna anayeuliza. La kwanza kushuka ndilo linakuwa la chini.

Mwana wa Manifesti

Sawa, nimeelewa mashine. Lakini "imeshuka Jumanne, lipa"! Wao wamelizika, wao wameondoa mashine, na saa inanihesabia mimi!

Babu Geti

Anairudia kama kasuku. Mtu mzima umepeleka nyaraka Alhamisi, unamlilia nani?

Mpanga Yadi

Babu ana ukali lakini hapo kagusa. Kwa nini forodha waachie Alhamisi? Tamko linaweza kuingizwa kabla meli haijafunga gati.

Mwana wa Manifesti

Uzito kwenye manifesti ulikosewa, ikabidi wakala wa meli arekebishe. Siku mbili.

Mpanga Yadi

Hizo mbili mdai wakala wa meli. Za Ijumaa zidai yadi: ambatanisha muda wa kushuka, wa kuachiwa, wa lori kupita geti na wa kupakiwa. Huo wa geti ndio utakaokupigania, kwa sababu unaonyesha lori lilikuwepo kabla ya usiku wa manane. Piga picha pasi ya jana kabla hawajaichukua.

Na safari ijayo, mzigo ukiwa umeachiwa kabla treni haijafika, peleka orodha ya namba za kontena kwa mpanga yadi mapema. Hayo yanawekwa rundo la pembeni, mawili kwenda juu badala ya manne. Ukipeleka treni ikishaanza kushushwa, umechelewa.

Dada Klia

Mimi nilipeleka orodha, bado yakazikwa. Inategemea zamu.

Trela Mbili

Hizo storeji za siku moja ni peremende. Njooni mbebe mizigo ya kwenda nje! Behewa linaleta futi 20 mbili za tani 28 kila moja, mteja anataka lori moja lizibebe zote. Kikomo cha Afrika Mashariki ni tani 56 pamoja na gari lenyewe. Gari na trela vinakula kama 18. Tutabebaje 56 za mzigo peke yake? Behewa moja ni malori mawili, lakini kila mara wanaita moja, na kontena la pili linabaki yadi linakula storeji.

Wa Isaka

Ninyi mnalilia mashine, sisi tunalilia malori. Mabehewa yanaingia pamoja siku moja, malori ya Rwanda na Burundi yanakuja mojamoja kama nyuki wa jioni. Yakifika, sili ya kielektroniki hakuna, ziko njiani zinarudi kutoka mpakani. Lori limepakiwa, halina sili, halitoki.

Trela Mbili

Sili ndiyo usiseme. Na kontena tupu je? Mzigo umeshushwa Kampala, tupu inadaiwa irudi Mombasa, dimareji inakimbia kwa dola.

Dada Klia

Kuna wenye meli wanapokea tupu Nairobi. Soma hati ya kuachiliwa mzigo, sehemu ya kurudisha imeandikwa.

Trela Mbili

Imeandikwa Nairobi, ukifika wanakwambia depo imejaa.

Mwana wa Manifesti

Jamani, uzi wangu. Imeshuka JUMANNE.

Wa Isaka

Trela Mbili, una gari tupu la kwenda Malaba wiki hii?