Hii "AK-47" ya kwenye gemu ni AK-47, AKM au Type 56?

Kijana_Wandegeya: Habari zenu wakubwa. Kuna gemu la simu tunalocheza hapa hosteli, na bunduki yake ya kwanza imeandikwa AK-47. Mwenzangu anashikilia kwamba ni AKM, mwingine anasema ni ya Kichina. Niliingia sehemu ya kuzungusha silaha nikaitazama kila upande. Kifuniko cha juu kina mistari iliyoinuka. Mdomo wa mtutu umekatwa mshazari. Ubavuni, juu ya magazini, kuna mfereji mrefu wa mstatili. Kilengeo cha mbele kimezungukwa na pete iliyofunga kabisa. Mkono wa kukoki uko kushoto. Nimuamini nani kati yao?

Opio_Gulu: Ni AKM, hapo hakuna ubishi. Mdomo wa mshazari ni wa AKM, na kifuniko chenye mistari ni cha AKM. AK-47 ya zamani ina kifuniko laini na nati tupu mdomoni. Jina wameliacha AK-47 kwa sababu kila mtu analijua.

Nakato256: Samahani kuuliza, ila kwa masafa marefu ipi inapiga vizuri zaidi kati ya hiyo na M416? Mimi hiyo AK inaniruka sana mkononi.

Kijana_Wandegeya: Dada Nakato, hapa hatuulizi ipi inapiga vizuri. Tunatafuta mchoraji alitazama bunduki gani halisi.

FundiModeli_Jinja: Opio, ulivyovitaja ni vya kweli, lakini umeanzia kwenye ushahidi dhaifu. Mimi huchora modeli za silaha, na kanuni yangu ni kuanza na kisichoweza kubadilishwa. Kile kipande cha mshazari hufungwa kwa hesi, milimita 14, inayokaza kinyume na nati za kawaida. Ukikifungua unaweza kukifunga kwenye AK ya zamani kwa sekunde chache. Tena AKM za mwanzo zilitoka na nati tupu. Kwa hiyo mdomo hauthibitishi kitu, uwepo au usiwepo. Kifuniko nacho huvuliwa kila bunduki inaposafishwa.

Mwili ndio hauhami. AK ya miaka ya 1950 ilichongwa kutoka pande zima la chuma. Lilikuwa zito, wakalipunguza kwa kuchimba mfereji mrefu ubavuni, ndio huo unaouona. AKM ya 1959 ni bati lililokunjwa na kufungwa kwa ribiti. Hiyo haina mfereji, ina kibonyeo kidogo tu juu ya magazini, na vichwa vya ribiti vinaonekana. Hata ile mistari ya kifuniko ilikuja na AKM kwa sababu hiyohiyo: bati la kifuniko lilipunguzwa unene, mistari ikalipa ugumu.

Kijana, umeziona ribiti zozote ubavuni?

Kijana_Wandegeya: Nimerudi kutazama. Hakuna hata moja. Mfereji upo pande zote mbili.

FundiModeli_Jinja: Basi mwili ni wa kuchongwa, na AKM imetoka kwenye mashindano. Zimebaki mbili: AK-47 ya Kirusi, au Type 56 ya Kichina ya mwanzo, ambayo nayo ilichongwa kabla Wachina hawajahamia kwenye bati.

Opio_Gulu: Sawa, mwili nakubali. Lakini basi kifuniko cha AKM kimefikaje hapo?

FundiModeli_Jinja: Mchoraji hukusanya picha nyingi, wala si lazima ziwe za bunduki moja. Picha moja inaonyesha vizuri ubavu, nyingine inaonyesha juu. Asiyejua tofauti huziunganisha.

MzeeBombo: Vijana wangu, nilibeba hiyo bunduki miaka mingi jeshini. Sisi tuliiita SMG, na hata leo askari wa lindo wengi wanaiita hivyo. Kwenye simu ya mjukuu wangu nilitafuta sehemu ya SMG nikakuta vibunduki vidogo, nikadhani wamekosea.

Kuhusu hiyo pete ya mbele: tulizozipokea za Kichina zilikuwa na pete iliyofunga namna hiyo. Za Kirusi zina masikio mawili yaliyo wazi kwa juu. Nyingi za Kichina pia zilikuwa na singe ya kukunja chini ya mtutu, nyembamba kama msumari. Je, kwenye gemu ipo?

Kijana_Wandegeya: Singe haipo, mzee. Shikamoo, na asante.

MzeeBombo: Marahaba. Basi waliiondoa, au walitazama isiyo nayo. Angalia pia maandishi karibu na swichi ya kuchagua moja-moja au mfululizo. Ya Kirusi ina herufi АВ na ОД. Ya Kichina ina herufi za Kichina, au L na D.

Kijana_Wandegeya: Pale pametiwa nukta mbili tu, bila herufi.

FundiModeli_Jinja: Maandishi huondolewa mara nyingi, na ndiyo yangetusaidia kuliko yote. Mimi ushahidi wa Mzee wa kilengeo naupa uzito, maana kilengeo cha mbele hukazwa kwenye mtutu kwa pini, hakihamishwi ovyo. Mwili wa kuchongwa pamoja na pete iliyofunga, nasema Type 56 ya mwanzo, kisha ikavalishwa kifuniko na mdomo wa AKM.

Okello_PC: Mkono wa kukoki kushoto mbona mmeusahau? Kwenye Counter-Strike 1.6, tulipokuwa tukicheza kwenye mkahawa wa intaneti, AK ilikuwa hivyohivyo. Siku moja niliandika amri hii kwenye konsoli ya gemu:

```
cl_righthand 0
```

Bunduki ikahamia mkono wa kushoto, na mkono wa kukoki ukawa upande wa kulia kama ulivyo kwa kweli. Yaani modeli nzima ilikuwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Na hii si imegeuzwa vilevile?

FundiModeli_Jinja: Hilo lina kipimo. Kwenye AK halisi, swichi na mkono wa kukoki viko upande mmoja, kulia. Vikiwa vyote kushoto, modeli imegeuzwa. Ukihama mkono peke yake, mchoraji aliuhamisha kwa makusudi, kwa kuwa mchezaji anauona upande wa kushoto na anataka kuona bunduki ikikokiwa.

Kijana_Wandegeya: Swichi iko kulia. Na kulia huko kuna upenyo mrefu chini ya kifuniko, lakini hakuna kinachotembea ndani yake.

FundiModeli_Jinja: Huo ndio upenyo wa mkono halisi. Aliuhamisha mkono, upenyo wake akausahau. Hapo hakuna kioo, ni makusudi.

Nakato256: Sasa nimeelewa mnachofanya. Basi M416 yangu ni M4?

FundiModeli_Jinja: Hapana dada, ni HK416 ya Wajerumani, herufi mbili za mbele zimekatwa ikawekwa M. M4 ya kawaida ina kilengeo cha mbele cha pembetatu kilichosimama juu ya mtutu. HK416 haina hiyo pembetatu.

Opio_Gulu: Mimi bado sijaridhika na Type 56. Kama aliunganisha picha, pete nayo anaweza kuwa aliitoa kwenye picha nyingine, na mwili ukawa wa Kirusi.

FundiModeli_Jinja: Inawezekana, siwezi kukupinga. Mwili wa Kirusi na wa Kichina wa kuchongwa kwa picha ya simu hauachani. Kijana, piga picha ya kitako kwa ubavuni na sehemu ya mbao chini ya mtutu uiweke hapa. Nataka kuona kama mbao imevimba mahali pa kushika. Ikivimba ni ya AKM, na tutajua aliazima vitu zaidi ya viwili.

Kijana_Wandegeya: Umeme umekatika hosteli na simu ina asilimia 4. Kesho nazileta.